Kuchagua rangi ya ukuta kutoka kwenye picha ya ukumbi: shajara ya mradi, Fuoni, Unguja

14 Juni 2025: mwanzo

Watu wa mtaani wananitumia sana picha za kumbi zao wakiniuliza "hapa tupige rangi gani?", na mimi nafanya kazi na fundi rangi mmoja hapa Fuoni kwa iyo nikaona bora nitengeneze skripti ndogo ya Python, unaipa picha, inasoma rangi ya sakafu na ya makochi halafu inakupa rangi tatu nne za ukuta zinazokubaliana navyo. Naandika kila hatua hapa ili mwenye kutaka kuiga aige, na gharama ntaziweka.

Ukumbi wa kujaribia ni wa shangazi yangu. Mita 5 kwa 4, dari mita 2.8, sakafu ya tailizi, makochi ya damu ya mzee, meza ndogo ya mninga katikati, na kuta za maziwa zilizochoka. Ukumbi wa kawaida kabisa, ndo mana nimeuchagua.

Jaribio la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mtu analifanya, yani unaichukua picha nzima, unaambia kompyuta ikusanye pikseli zote katika mafungu sita kwa kufanana kwa rangi (njia inaitwa k-means), halafu fungu kubwa ndo unalihesabu sakafu. Majibu: sakafu ni njano ya mchanga, ukuta upigwe maziwa ya njano. Nikampelekea shangazi, akaniambia "mwanangu, sakafu yangu mimi haina unjano hata kidogo, njoo uitazame." Nikenda mchana, na kweli haina. Ukiinama ukaitazama ile tailizi kwa karibu ni kijivu chepesi chenye wekundu wa mbali, na ina vidoa vya kahawia vidogo kama punje za ulezi.

Picha ilikuwa ya usiku, imepigwa chini ya globu ya njano, ikatumwa kwa Wasap.

21 Juni 2025: picha haisemi rangi ya kitu, inasema kitu pamoja na taa

Hapa ndo pagumu pa mradi wote kwa iyo ntakaa kidogo.

Kamera haioni tailizi, inaona mwanga ulioruka kutoka kwenye tailizi. Globu ikiwa ya njano basi kila kitu kimeongezwa unjano. Jicho letu linajirekebisha lenyewe, ukikaa ukumbini dakika chache hulioni tena lile njano, lakini kamera inabahatisha tu. Kuna zinazoanzia kwenye dhana kwamba ukichanganya rangi zote za chumba utapata kijivu, na chumba chenye makochi mekundu makubwa hakiwi kijivu hata ukichanganya vipi, basi kamera inaona wekundu umezidi, inaupunguza, na sakafu nayo inavutwa upande usio wake. Ukisogeza simu kochi likatoka kwenye fremu, tailizi ileile inabadilika rangi. Jaribu uone, ni kitu cha kuona kwa macho yako.

Dawa ni kuweka kitu unachokijua kuwa cheupe ndani ya picha yenyewe, halafu unagawa kila rangi kwa rangi ya hicho cheupe. Nilianza na karatasi ya A4 kwa sababu ipo kila nyumba. Ilisaidia lakin rangi zote zikawa bado na unjano kidogo, khasa picha za mchana karibu na dirisha. Sababu ni kwamba karatasi nyingi za ofisini zimetiwa dawa ya kung'arisha, inachukua ule mwanga wa jua tusiouona na kuutoa kama buluu, ndo mana karatasi mpya inaonekana nyeupe mno. Skripti ikiichukua hiyo buluu ikaiita "nyeupe", basi kila kitu kingine kinasukumwa upande wa pili, yani unjano. Chini ya globu ndani usiku tatizo linapungua mno kwa sababu globu karibu hazina ule mwanga. Kwa iyo karatasi hiyohiyo inakupa majibu mawili, na huo ndo ubaya wake.

Kilichofaa ni tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile nyembamba wanayozungushia kwenye meno ya mabomba yasivuje. Haina dawa ya kung'arisha na weupe wake uko sawa kwa rangi zote. Iwe nene tu: tabaka moja linapenya, rangi ya sakafu inaonekana chini yake, kwa iyo nimeizungusha kwenye kipande cha kadibodi mpaka ikafika unene wa kama milimita mbili. Usiivute kwa nguvu, ikivutwa inakonda. Nimeinunua shilingi 1,000 na imebaki ya kutosha vibao vingine.

28 Juni 2025: hesabu

Kugawa namba za picha moja kwa moja haifai. Zile namba 0 mpaka 255 zimepindwa ili picha ipendeze kwenye skrini, 200 si mara mbili ya mwanga wa 100, ni zaidi ya mara nne. Lazima kwanza uzinyooshe ziwe za mwanga halisi, ndo ugawe. Mwanzo niligawa bila kunyoosha, na tailizi za kwenye kivuli zikawa zinatoka rangi tofauti na za kwenye mwanga ilhali ni sakafu moja.

Pia ile k-means nimeitoa. Tailizi inang'aa, dirisha linajichora juu yake, halafu kuna mistari ya simenti kati ya tailizi na kivuli chini ya kochi, yote hiyo inaingia kwenye hesabu ikijifanya rangi ya sakafu. Sasa nagusa mwenyewe sehemu safi ya tailizi na sehemu ya tepu iliyo karibu yake, na nafasi zake naziandika kwenye `kipande`. Inachukua dakika moja na jibu linaaminika.

```python
from PIL import Image, ImageOps
import numpy as np

def nyoosha(c):
    c = c / 255
    return np.where(c <= 0.04045, c / 12.92,
                    ((c + 0.055) / 1.055) ** 2.4)

im = ImageOps.exif_transpose(Image.open("ukumbi.jpg"))
px = nyoosha(np.asarray(im.convert("RGB")).astype(float))

def kipande(x, y, n=15):
    return np.median(px[y-n:y+n, x-n:x+n].reshape(-1, 3), axis=0)

tepu, sakafu = kipande(1210, 2040), kipande(1450, 2075)
r = sakafu / tepu * 0.9
r = np.where(r <= 0.0031308, r * 12.92,
             1.055 * r ** (1 / 2.4) - 0.055)
print(np.round(r * 255))
```

Ule mstari wa `exif_transpose` msiutoe. Simu ikipigia picha wima mara nyingi inaihifadhi imelala na inaandika pembeni tu kwamba igeuzwe, bila huo mstari unagusa tailizi lakini skripti inasoma pazia. Ile 0.9 ni kadirio langu la weupe wa tepu, haibadilishi rangi inaelekea wapi, inabadilisha mwanga na kiza tu.

Haya sasa namba za ukumbi wa shangazi, picha ya usiku. Tepu ilisomeka 232, 214, 181, na hapo tu unaliona njano, maana cheupe kilitakiwa namba tatu zilingane. Tailizi ilisomeka 196, 168, 136. Baada ya kunyoosha, kugawa na kurudisha, tailizi ikawa 206, 192, 184.

Namba hizo ngumu kuzifikiria kwa kichwa kwa iyo nazigeuza kuwa L, a, b (`rgb2lab` ya `skimage` inafanya). L ni mwanga, 0 kiza tupu na 100 cheupe. a ikipanda ni wekundu, ikishuka chini ya sifuri ni ukijani. b ikipanda ni unjano, ikishuka ni ubuluu. Tailizi kabla ya kurekebisha: L 71, a 5, b 20. Baada: L 78, a 4, b 6. Itazame b tu. Unjano wa 20 umeshuka mpaka 6, yani sehemu kubwa ya ule unjano ilikuwa ya globu, na kilichobaki ni kijivu chenye wekundu wa mbali, kilekile nilichokiona nilipoinama kuitazama bila kompyuta.

Ili nijue kama nimepata kweli nikapiga tena asubuhi, taa zimezimwa, madirisha wazi. Tailizi ikatoka ndani ya pointi mbili za ile ya usiku kwa kila namba. Hiki ndo kipimo nnachokiamini: taa mbili tofauti, jibu moja. Majibu yakiachana zaidi ya hapo basi kuna kitu kwenye picha, usiendelee mbele.

5 Julai 2025: picha zinazokataa

Fundi alinipigia picha za nyumba nyengine nijaribie na nyingi zilikataa. Naandika sababu kwa sababu hapa ndo wengi mtakwama.

Kubwa ni mwanga wa aina mbili kwa pamoja. Dirisha liko wazi na globu inawaka, basi upande wa dirisha kila kitu kina ubuluu na upande wa globu kina unjano, tepu moja haiwezi kurekebisha pande mbili. Zima taa, piga kama saa tatu au saa nne asubuhi. Na mapazia yavutwe pembeni kabisa, kumbi zetu zina mapazia mazito ya rangi na jua likipita kwenye pazia jekundu chumba chote kinakuwa chekundu. Nyumba moja ina mwembe umeziba dirisha, mwanga wote unaoingia ni wa kijani cha majani, huko nililaza tepu kando ya kila kitu nnachokipima: moja sakafuni kwa ajili ya sakafu, nyengine imesimamishwa kwenye mgongo wa kochi, kwa sababu kinachosimama kinapokea mwanga wa dirisha na kinacholala kinapokea na wa dari.

Sababu ya pili ni picha kuungua. Tepu ikisomeka 255 popote haifai, kamera imefika mwisho na hujui imepitiliza kiasi gani. Gusa skrini, vuta kile kijua chini mpaka tepu iwe kati ya 200 na 240. Na HDR izimwe, ikiwa imewashwa simu inang'arisha kona za kiza peke yake na tepu ya huku haina tena uhusiano na tailizi ya kule. Ukitumiwa kwa Wasap mwambie mtu aitume kama dokumenti, si kama picha.

19 Julai 2025: kutoka sakafu kwenda ukutani

Sasa swali lenyewe. Nimeamua sakafu ndo iongoze, si makochi. Makochi yanabadilishwa kitambaa Idi ikikaribia, tailizi itakaa miaka ishirini. Mwelekeo wa sakafu (hapa: wekundu kidogo, unjano kidogo) unachukuliwa kwenda ukutani, unapunguzwa nguvu, na L inapandishwa iachane na sakafu angalau pointi nane hivi, ikiwa karibu zaidi ya hapo ukuta na sakafu vinaonekana kama mtu alitaka vilingane akashindwa.

Skripti ikatoa mbili za kujaribu. Ya kwanza L 88, a 2, b 5, kwa skrini ni 229, 219, 211, yani cheupe chenye udongo kidogo. Ya pili nimeiacha ifuate makochi badala ya sakafu: damu ya mzee ni nyekundu ya kiza, na kinyume cha nyekundu ni kijani, kwa iyo kijani cha kijivu, L 80, a -6, b 5, kwa skrini 191, 201, 189. Shangazi aliipenda hii ya pili kwenye simu. Na mimi pia nlidhani itashinda.

Tukapaka mbao mbili za sentimita 60 kwa 60 mikono miwili (rangi nyeupe ya maji lita moja 9,000, rangi za kuchanganyia tatu 7,500, vipande vya hadibodi 6,000). Zikakauka usiku kucha, maana rangi ya maji ikiwa mbichi si ile ya ikikauka, halafu tukazisimamisha ukutani zikigusa sakafu. Usiilaze chini wala usiishike mkononi mbele ya dirisha, ukuta umesimama na ubao usimame.

Kijani kiliwapendeza makochi sana wallahi. Lakini tailizi zilizo chini yake zikageuka pinki wazi. Rangi mbili kinyume zikikaa pamoja kila moja inaikuza mwenzake, na ule wekundu wa mbali wa tailizi ambao hakuna aliyeujali miaka yote ukajitokeza. Shangazi akasema "hii itabidi nibadilishe na sakafu." Kwenye skripti nimeongeza sharti: kama sakafu ina a zaidi ya 2, rangi ya ukuta yenye a chini ya sifuri inatoka na onyo. Haifutwi, maana kwenye sakafu ya simenti ya kijivu tupu kijani kama hicho kinakaa vizuri.

26 Julai 2025: ubao ni mdogo, chumba ni kikubwa

Ubao wa kwanza ulikubalika. Kabla ya kununua, fundi akasema kitu ambacho skripti haikukijua: "kwenye ubao ni hivi, ukipiga kuta nne itakoza." Kweli, na hesabu yake ipo. Rangi ile inarudisha kama asilimia 78 ya mwanga mwekundu na 65 ya buluu, nyekundu imezidi buluu mara 1.2. Lakini ndani ya chumba mwanga unaruka ukuta mmoja unapiga ukuta wa pili, na baada ya mruko wa pili zimebaki 61 na 42, nyekundu imezidi mara 1.4. Ubao mmoja kwenye chumba cha maziwa hauoneshi hilo. Kwa iyo sasa skripti ikimaliza inakata a na b kwa nusu kabla ya kutoa jibu la kununulia. Tukabaki na L 88, a 1, b 2.5.

Kupata hiyo rangi dukani hakufanyiki kwa namba za skrini. Niliazima kadi za rangi za duka, nikazilaza sakafuni pembeni ya tepu kwenye picha moja, skripti ikazipima zote kwa mwanga uleule na kuchagua iliyo karibu. Katalogi ilikuwa ya zamani na kadi zimepauka, lakin kwa njia hii haijalishi jina la kadi, unachopima ni kadi yenyewe iliyo mbele yako. Tatizo likaja kwamba ukimwambia muuzaji "nataka namba hii" anakuchanganyia rangi ya kadi mpya, si iliyopauka. Fundi akachanganya mwenyewe tukilinganisha na kadi ileile iliyopauka, kwa bomba la sindano: kwenye nyeupe alitia oksaidi ya njano sehemu mbili, nyekundu sehemu moja, na nyeusi matone ya kuhesabu ili ipoe. Kila kampuni nguvu ya rangi zake ni tofauti kwa iyo chukueni uwiano, msichukue vipimo.

9 Agosti 2025: imepigwa

Kuta ukitoa milango na madirisha ni kama mita za mraba 43, lita moja ikichukua mita 10 kwa mkono mmoja, mikono miwili ni lita 9 hivi. Makopo matatu ya lita 4 kwa 105,000, yote yakamiminwa kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kutiwa rangi. Ukichanganya kopo kwa kopo huwezi kupata sawa, na mstari unaonekana katikati ya ukuta. Fundi 80,000, msasa na kuziba nyufa 22,000. Pamoja na majaribio na tepu ni 230,500.

Ukuta mkavu nimeupima leo asubuhi mahali patatu. Juu karibu na dari na katikati: L 87, a 1, b 3. Chini kabisa, sentimita 20 kutoka sakafuni: a 3, b 5, sakafu inautupia ukuta rangi yake, na hiyo haiondoki kwa rangi yoyote. Kwa macho inaonekana kama ukuta na sakafu vinakutana taratibu. Usiku chini ya ile globu ya njano ukuta unakuwa maziwa, shangazi ameridhika nao hivohivo, ila nimemwekea globu nyeupe upande wa meza ya kulia.

Linalofuata ni nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, mwenyewe ameshanitumia picha yenye tepu. Huko kuta ni za chokaa, zinapumua unyevu, rangi ya plastiki ikipigwa juu inavimba na kubanduka, kwa iyo itabidi iwe chokaa yenye oksaidi tu, nyekundu, njano, kahawia, nyeusi, kwa sababu rangi nyingi za kung'aa zinaliwa na ukali wa chokaa. Kwenye skripti nimeanza kuweka orodha ya pili ya rangi kwa ajili ya kuta hizo, na chokaa mbichi inakauka nyepesi mno kuliko ilivyo kwenye ndoo kwa iyo mbao za majaribio zinapigwa kwanza, hesabu baadae.